Tumbo la Uzazi Si Mafuta Peke Yake

Likizo ya uzazi kwa mwajiriwa nchini Tanzania ni siku 84, na 100 kwa aliyejifungua pacha. Zikiisha, mama anatoa kabatini sketi aliyokuwa akiivaa kazini na zipu inakwama nusu. Jumamosi hiyohiyo anaamka alfajiri kuungana na majirani kwenye mchakamchaka, na usiku mtoto akishalala anajilaza chali kwenye mkeka na kuinuka kukaa mara thelathini, kisha hamsini. Wiki tatu baadaye tumbo liko vilevile, pengine limechomoza zaidi, na limezuka jambo ambalo hamwambii mtu: akipiga chafya, mkojo unamtoka.

Juhudi anayo, ila ameanzia mwisho. Tumbo linalobaki miezi minne au sita baada ya kujifungua lina mambo mawili ndani yake. Kuna mafuta yaliyowekwa akiba wakati wa mimba, na kuna misuli iliyotanuka ambayo bado haijarudi kushika. Mafuta hupungua zaidi kwa mabadiliko ya jikoni. Misuli ndiyo inayodai mazoezi, tena ya aina tofauti na yale ambayo mama huyu ameanza nayo.

Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu inayoshuka sambamba kutoka mbavuni hadi kwenye mfupa wa kinena, na katikati yake kuna utepe mgumu unaoiunganisha. Mimba inapokua, utepe huo hutanuka na kuwa mwembamba, na misuli inaachana ili kumpisha mtoto. Hilo huwapata karibu wajawazito wote wanaokaribia kujifungua. Utafiti uliofanyika Norway na kuchapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wanawake 300 wa uzazi wa kwanza. Wiki sita baada ya kujifungua, sita kati ya kila kumi walikuwa bado na mwachano huo, na baada ya mwaka mzima ulikuwa umebaki kwa theluthi moja. Kwa hiyo mama wa miezi mitano anayejiona bado ana tumbo la mimba anaweza kuwa na mafuta ya kawaida tu, huku kinachosukuma tumbo mbele ni utumbo uliokosa ukuta imara wa kuuzuia.

Chini kuna misuli mingine inayosahaulika kwa sababu haionekani. Ni ile ya sakafu ya nyonga, iliyotandazwa kutoka mfupa wa kinena hadi kwenye kifandugu. Ndiyo inayobeba kibofu, kizazi na utumbo mkubwa, na ndiyo inayofunga njia ya mkojo na ya haja kubwa. Kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida, misuli hii ilivutwa sana mtoto alipokuwa akipita, na kupona kwake huchukua miezi minne hadi sita au zaidi. Aliyejifungua kwa upasuaji naye hajaepuka, kwa sababu uzito wa mimba ulikaa juu ya sakafu hiyo kwa miezi mingi.

Sasa fikiria mfuko wa nailoni uliojaa maji. Ukiubinya juu, maji yanatafuta pa kutokea pale palipo dhaifu. Kila mama anapokaza tumbo kwa nguvu, anaporuka, au anapoinuka kutoka chali huku amebana pumzi, msukumo ndani ya tumbo unapanda na kwenda mahali pawili: mbele kwenye utepe uliolegea, na chini kwenye sakafu ya nyonga. Ndiyo maana mazoezi yale yale yanayosifiwa kwa kukaza tumbo la kijana yanaweza kulichomoza tumbo la mzazi na kumletea matone ya mkojo.

Kujipima ni rahisi na hakuhitaji kifaa. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae sakafuni. Weka ncha za vidole juu kidogo ya kitovu, vikiwa vimepangwa kukatisha mstari wa katikati ya tumbo. Toa pumzi taratibu na uinue kichwa tu, mabega yakianza kuachana na mkeka. Utahisi kingo mbili za misuli zikija kubana vidole. Hesabu ni vidole vingapi vinaingia kati yake, kisha rudia chini ya kitovu. Nafasi ya kidole kimoja au viwili ni ya kawaida kwa mzazi. Vikiingia vitatu au zaidi, au ukihisi vidole vinazama kama hakuna kinachovizuia chini, utepe bado umelegea. Ulaini huo una maana kubwa kuliko upana, kwa sababu tumbo lenye nafasi ya vidole viwili na nusu lakini lililo gumu chini yake linafanya kazi vizuri. Ukikuta uvimbe laini kitovuni unaotokeza ukikohoa na kurudi ukilala, huenda ni ngiri, na hiyo inahitaji kuonwa na daktari kabla ya zoezi lolote la nguvu.

Tuchukue mfano wa mama mmoja na tumfuate hatua kwa hatua. Anaishi Mbagala, ana miaka 29, amejifungua mtoto wa pili kwa njia ya kawaida miezi mitano iliyopita, na bado anamnyonyesha bila kumpa kitu kingine. Kabla ya mimba alikuwa na kilo 62, sasa ana 71. Amejipima na kukuta nafasi ya vidole vitatu juu ya kitovu. Mkojo humtoka akikohoa sana. Maji anateka kwa ndoo.

Hiyo ndoo ndiyo ya kwanza kuzungumzwa. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ina uzito wa kilo 20, na kuinyanyua kutoka chini ni zoezi zito kuliko mengi yanayofanywa kwenye jimu. Watu humwambia mzazi ajihadhari na mazoezi, kisha wanamwacha abebe ndoo sita kwa siku. Kwa wiki za mwanzo ateke kwa ndoo ya lita 10, au ajaze nusu na kwenda mara mbili. Anaponyanyua akunje magoti, asogeze ndoo karibu na mwili, akaze sakafu ya nyonga kidogo na atoe pumzi wakati wa kuinuka. Pumzi inayotoka hupunguza msukumo unaokwenda chini. Afanye hivyo hivyo akimnyanyua mtoto, na mwisho wa siku atakuwa ameizoeza misuli hiyo mara nyingi bila kutenga saa ya mazoezi.

Zoezi lenyewe la sakafu ya nyonga hufanywa akiwa amelala, kisha akiwa amekaa, na baadaye akiwa amesimama. Akaze kana kwamba anazuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, avute kwenda juu, ashike huku akiendelea kupumua, kisha aachie kabisa. Kuachia kuna umuhimu sawa na kukaza, kwa kuwa msuli usiolegea huchoka na kuuma. Mwanzoni huenda akaweza kushika kwa sekunde tatu tu, na polepole afike kumi. Afanye mara nane hadi kumi kwa awamu, awamu tatu kwa siku, na wakati wa kunyonyesha ni nafasi nzuri ya kukumbuka. Makalio na mapaja yasikazwe. Asijizoeze kwa kukatisha mkojo katikati anapokojoa, kwa sababu kufanya hivyo mara kwa mara kunaharibu mtiririko wa kawaida wa kibofu. Matokeo huhitaji miezi mitatu ya kufanya kila siku, na wengi huacha wiki ya tatu wakidhani hayafanyi kazi.

Kwa tumbo, wiki mbili za kwanza anatosheka na zoezi la pumzi. Akiwa chali na magoti yamekunjwa, avute hewa mbavu zitanuke, kisha aitoe polepole huku akivuta kitovu ndani kana kwamba anakikaribisha kwenye uti wa mgongo. Akilizoea hilo, aongeze kuinua makalio hadi mwili unyooke kutoka magotini hadi mabegani, kukaa na kusimama kwenye kiti bila kujishika, na kujisukuma ukutani kwa mikono. Kila moja alifanye mara nane hadi kumi, mizunguko miwili, siku tatu kwa wiki. Kuna jicho moja la kuweka katika yote: akiona katikati ya tumbo panachomoza kama tuta refu, zoezi hilo limemzidi kwa sasa. Alirahisishe au aliache, alirudie baada ya wiki mbili.

Kutembea kunaanza siku hiyohiyo. Dakika 15 kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza lakini si kuimba, siku nne za wiki. Wiki ya tatu aongeze ziwe 20, ya tano ziwe 25, na kufikia wiki ya nane awe anatembea nusu saa kwa siku tano. Hapo amefikia dakika 150 kwa wiki, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 kwa wanawake waliojifungua. Anyonyeshe kabla ya kutoka ili matiti yasiwe mazito, avae sidiria inayoshika vizuri, na arudi kunywa maji. Wapo wanaoamini kuwa jasho linachachusha maziwa. Mazoezi ya kiasi hayabadilishi maziwa wala hayayapunguzi, na mtoto anaweza kunyonya mara mama anaporudi.

Kukimbia kunasubiri. Wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza walioandika mwongozo wa jambo hili mwaka 2019 walishauri mzazi asikimbie kabla ya miezi mitatu, na hata baada ya hapo ajipime kwanza. Mama wetu wa Mbagala ajipime mwisho wa wiki ya nane. Atembee nusu saa, asimame kwa mguu mmoja sekunde kumi kila upande, achuchumae kidogo kwa mguu mmoja mara kumi, akimbie palepale dakika moja, kisha aruke kwa mguu mmoja mara kumi. Akimaliza yote bila mkojo kutoka, bila uzito ukeni na bila maumivu, aanze kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili, mara sita. Likimshinda moja, kutembea kunaendelea kumfaa na hapotezi kitu.

Aliyejifungua kwa upasuaji anafuata njia hiyohiyo kwa mwendo wa taratibu zaidi. Kovu la nje hukauka mapema na kumdanganya mama, kwani tabaka gumu lililoshonwa ndani, lile linaloshikilia misuli, linakuwa limepata karibu nusu tu ya nguvu yake kufikia wiki ya sita, na huendelea kukomaa kwa zaidi ya nusu mwaka. Mvuto mkali au kichomi upande mmoja wa kovu wakati wa zoezi ni sababu ya kutosha ya kupunguza mzigo.

Sasa kilo tisa. Mama anayenyonyesha bila kumpa mtoto chakula kingine hutumia takriban kalori 500 zaidi kila siku kutengeneza maziwa. Wengine hupungua kwa hilo peke yake, na wengine hawapungui hata kidogo kwa sababu njaa ya kunyonyesha ni kali na usingizi mchache huongeza hamu ya vitu vitamu. Kumwambia mama wa namna hii ajinyime ni kumwonea, maana mwili unadai haki yake.

Kinachofaa ni kutazama vinavyoingia bila kushibisha. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, ni kalori kama 145. Soda moja ya mililita 350 ni nyingine karibu 150. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama 120, na mchuzi wa familia mara nyingi humiminwa bila kupimwa. Mama wetu apunguze sukari hadi kijiko kimoja kwa kikombe, soda iwe ya Jumapili, na mafuta ya sufuria yapimwe kwa kijiko. Hapo amepunguza kalori 300 hivi kwa siku bila kugusa ugali wake, maharage, dagaa, mayai wala mchicha. Nusu saa ya kutembea haraka humwondolea nyingine mia moja na kitu. Kwa hesabu hiyo atapungua kilo moja na nusu hivi kwa mwezi, na kilo tisa zitamchukua miezi sita. Soda moja inazidi kazi ya kutembea nusu saa, na ndiyo sababu ya kusema mafuta hupungua zaidi jikoni.

Je, maziwa yatapungua? Mwaka 2000 watafiti wa North Carolina, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti wa wanawake 40 wenye uzito uliozidi waliokuwa wakinyonyesha. Kundi moja lilipunguziwa kalori 500 kwa siku na kufanya mazoezi siku nne kwa wiki, wakapungua karibu nusu kilo kila wiki, na watoto wao walikua sawa na wale wa kundi jingine. Nusu kilo kwa wiki basi ndiyo mwisho wa kutafuta, na nusu ya hapo inatosha. Kipimo kiko tayari mkononi: kadi ya kliniki ya mtoto. Mstari wake ukiendelea kupanda na nepi sita au zaidi zikilowa kwa siku, maziwa yanatosha. Mstari ukilala, mama arudishe chakula kwanza na amwone muuguzi.

Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni niseme wazi: nyingi zina majani ya kuharisha. Mizani inashuka kwa sababu maji yametoka, na kesho yake yanarudi. Mama anayenyonyesha asiziguse. Mikanda ya kubana kiuno nayo huleta jasho na kuacha mafuta mahali pake. Mkaja ambao bibi zetu wa pwani humfunga mzazi katika arobaini una faida yake, humpa mgongo egemeo na mama hujisikia ameshikwa. Lakini ukifungwa kwa nguvu, hasa juu ya kitovu, unasukuma kila kitu chini kwenye sakafu ambayo bado inapona, na baada ya miezi mitano misuli inapaswa kuifanya kazi hiyo yenyewe.

Dalili za kupunguza mwendo ni zile ambazo wanawake wameambiwa wazivumilie. Mkojo au ushuzi kutoka wakati wa zoezi. Uzito ukeni unaozidi jioni, kama kuna kitu kinataka kushuka, ambao huweza kuwa mwanzo wa kizazi au kibofu kushuka. Maumivu ya kinena, nyonga au kiuno yanayodumu hadi siku ya pili. Kuamka umechoka kuliko kabla hujaanza. Ukipata mojawapo, rudi hatua mbili nyuma kwa wiki mbili, na likiendelea tafuta mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya mkoa au ya rufaa. Mkojo unaotoka unatibika, na anayeambiwa kuwa ndiyo uzazi ulivyo ananyimwa tiba.

Uchovu usioeleweka unataka vipimo, haumalizwi kwa bidii. Upungufu wa damu ni wa kawaida mno kwa wazazi wetu, na hugunduliwa kwa tone la damu la kidoleni. Tezi ya shingo huweza kuvurugika katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, ikaleta mapigo ya moyo ya haraka na kupungua ghafla, au baadaye baridi, uzito na usingizi mzito. Huzuni inayozidi wiki mbili, au kukosa hamu na mtoto, isemwe kwa muuguzi kama unavyosema homa. Na mama ambaye mtoto wake amevuka miezi sita au ameanza uji ajue kuwa kunyonyesha hakumkingi tena na mimba, hata kama hajaona siku zake.

Moja linahitaji nafasi yake. Kuna ugonjwa wa moyo kudhoofika unaotokea kati ya mwezi wa mwisho wa mimba na mwezi wa tano baada ya kujifungua, na Afrika unaonekana sana. Unajificha kwa sababu dalili zake zinafanana na uchovu wa kulea: pumzi kukatika kwa kupanda ngazi chache, miguu kuvimba, moyo kwenda mbio. Kinachoutofautisha ni usiku. Mama hawezi kulala chali, anaongeza mto wa pili na wa tatu, anaamka akihema au akikohoa. Mwenye hali hiyo asijaribu mazoezi hata siku moja, aende hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua, kuzimia, mguu mmoja uliovimba na kuuma kwenye shavu la mguu, na kichwa kinachouma sana huku macho yakiona ukungu, hasa kwa aliyepata kifafa cha mimba au presha alipokuwa mjamzito.

Mtoto anapopelekwa kliniki kwa chanjo ya surua akiwa na miezi tisa, mama wetu atakuwa mwezi wa nne wa mpango wake. Siku hiyo apande mizani naye, aombe kupimwa presha na wingi wa damu, na amweleze muuguzi mambo matatu kwa majina yake: kama mkojo unamtoka, kama anahisi uzito ukeni, na anatumia mito mingapi usiku.